Aliyepora simu afungwe ili iweje?

Mhariri,

Kila mjadala wa vijana wanaopora simu kivukoni Likoni au stejini Mwembe Tayari huishia kwenye ombi moja, mahakimu wawafunge zaidi. Walio wengi hawasemi kifungo hicho kikafanye kazi gani, na hapo ndipo hukumu zetu nyingi huharibika. Naomba nafasi nilieleze hili kwa kosa moja tu.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19 ambaye hana rekodi ya uhalifu. Amepokonya simu ya shilingi 18,000 mkononi mwa mama aliyekaa dirishani ndani ya matatu. Anashikwa hatua chache mbele, simu inapatikana kioo kimevunjika, na mahakamani anakiri. Kufikia siku ya hukumu ameshakaa rumande miezi miwili.

Kabla hakimu hajawaza lolote, shtaka lenyewe limekwisha kuamua mengi. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, mwisho wake ni miaka 3. Kuiba kutoka mwilini mwa mtu, kifungu cha 279, mwisho wake ni miaka 14. Akimsukuma mama ili simu isirudi, huo ni unyang'anyi. Na wakiwa wawili, hata bila kisu, sheria inauita unyang'anyi wa mabavu, kifungu cha 296(2), ambacho adhabu yake kwenye karatasi ni kifo. Kesi ya Muruatetu ya 2017 iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Basi tuseme kijana wetu alikuwa peke yake, hakumgusa mtu, na ameshtakiwa kwa kifungu cha 279. Hakimu ana nafasi ya kuchagua kuanzia kuachiliwa kwa masharti hadi miaka 14.

Anayeamini adhabu ni malipo ya kosa hutazama nyuma tu. Ametenda nini, kwa kusudi gani, na mama ameumia kiasi gani? Wengi huchanganya nadharia hii na kisasi, ilhali kisasi hakina kipimo nayo ina dari: mtu asiadhibiwe kuzidi kosa lake, hata kama mji mzima umekasirika. Miaka 14 imewekwa kwa ajili ya kisa kibaya kupita vyote vya aina hiyo. Simu moja, bila silaha, bila kujeruhi, haiwezi kukaribia huko. Udhaifu wake ni kwamba inajua kupanga makosa kwa uzito, lakini haitwambii ngazi ya kwanza ianzie wapi, mwezi mmoja au mwaka.

Nadharia ya kutia hofu hutazama mbele, tena huwatazama wengine kuliko aliye kizimbani. Ndiyo iliyo nyuma ya maneno tunayoyasikia kila mara, kwamba adhabu hii iwe funzo. Beccaria, Mwitaliano aliyeandika mwaka 1764, alishaona kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kushikwa na kuadhibiwa upesi, kuliko ukali wa adhabu. Mpora simu huamua kwa sekunde chache. Hajui kifungu cha 279, na ukiongeza kutoka miaka 2 hadi 5 hesabu yake haibadiliki, kwa kuwa hesabu yake ni kama matatu itaondoka kabla watu hawajaruka. Uhakika wa kushikwa nao hauko mikononi mwa hakimu.

Hata hivyo yuko mtu katika mnyororo huu ambaye hofu ingemfaa sana, naye ni mnunuzi wa simu za wizi. Huyu ana kibanda, mtaji, wateja na muda wa kupiga hesabu ya faida na hasara. Kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322, kuna adhabu ya hadi miaka 14 vilevile. Kumpa mpora simu hukumu ya mfano na kumwacha mnunuzi ni kuielekeza nadharia kwa mtu asiyeweza kuisikia.

Wanaotaka mhalifu atengwe wana hoja nyepesi ya kweli: aliye gereza la Shimo la Tewa hapori simu Likoni. Lakini tazama muda wenyewe. Kifungo cha miezi 18 hupunguzwa theluthi kwa msamaha wa gerezani, inabaki 12. Sheria ya mwenendo wa kesi, kifungu cha 333(2), inataka miezi miwili ya rumande ihesabiwe, kwa hiyo anatoka baada ya kama miezi 10. Ili utengaji uwe na maana lazima umfunge muda mrefu, na hapo unamwadhibu kwa wizi unaodhani angeufanya. California walifika mbali kwa njia hiyo. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa mtu aliyeiba fimbo tatu za gofu, kwa kuwa alikuwa na makosa ya awali. Isitoshe, mnunuzi akiwa bado yupo, nafasi ya kijana huyu stejini hujazwa na mwingine.

Urekebishaji huuliza kwa nini aliiba, na jibu hutoka kwa afisa wa probesheni anayekwenda nyumbani, kwa wazazi, kwa chifu na kwa mlalamishi. Ripoti hiyo ndiyo chombo muhimu kupita vyote siku ya hukumu, na ndiyo inayorukwa upesi msongamano wa kesi unapozidi. Probesheni yenyewe ni ya miezi 6 hadi miaka 3. Huanguka pale masharti yanapokuwa ya jumla tu: aripoti kila mwezi, awe na tabia njema. Kama chanzo ni unga wa kulevya, sharti liwe matibabu. Kama ni genge la mtaani, sharti liguse anakolala na anaotembea nao. Akivunja masharti hurudishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa lile kosa la awali, kwa hiyo wanaosema probesheni ni kuachiliwa hivihivi hawajaisoma sheria.

Baya kuliko yote ni lile linalotolewa kwa wepesi: faini ya shilingi 30,000 au miezi 6. Mwenye ndugu wa kulipa anatoka jioni ileile, asiye naye anaingia. Miezi sita haitoshi kumfundisha ufundi, inatosha kumpotezea kibarua na kumpatia marafiki wapya. Sioni ni nadharia gani kati ya hizi nne inayohudumiwa hapo.

Kwa rai yangu, malipo ya kosa yaweke dari, kisha chini ya dari hiyo hakimu achague lengo moja na aliandike kwenye hukumu. Kwa kijana wetu ningetaka probesheni ya miezi 18 yenye masharti yanayotokana na ripoti, pamoja na fidia ya kioo cha mama. Akirudi na kosa lilelile, sababu ya kumtenga inapata uzito, kwa kuwa sasa kuna zaidi ya dhana. Na kabla faili halijafungwa, kiongozi wa mashtaka aulizwe wazi mbele ya mahakama: simu hii ilikuwa ikipelekwa kwa nani, na shtaka la huyo liko wapi?

Mwanasheria,
Tudor, Mombasa