Usiuze belo zima kwa bei moja

Shoga yangu wa Morogoro,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikiwa nimeshalala, nikashindwa kulala tena. Nimeona nikuandikie vizuri maana haya mambo kwa simu hayaishi, mara vocha mara mteja kafika. Pole sana kwa belo lako la mtumba. Ila nikwambie ukweli, kwa vile ulivonieleza belo lako halikuwa baya. Ulilipanga vibaya tu, na hilo ndo limekula hela yako.

Umesema belo lilikuwa la blauzi za kike, mpaka kufika kwako limekugharimu 470,000 ukijumlisha na basi na kuli, ukahesabu ukapata vipande 230, ukagawa ukaona kila kipande kimesimama kwenye elfu mbili na kidogo ukasema basi nauza zote 4,000 nipate mara mbili. Siku mbili za kwanza watu wakajaa ukauza 110 ukashika 440,000 ukafurahi. Siku ya tatu kimya, wiki kimya, na hizo 120 zilizobaki mtu anashika anaangalia anarudisha.

Sasa jiulize, zile 110 zilizoondoka ni zipi? Ni zile nzuri. Mteja wa mtumba anajua kuchagua kuliko sisi wauzaji, ukimwekea nguo zote bei moja atachukua ile ambayo angeweza kukupa 10,000 bila kulalamika, we unampa kwa 4,000 na anakushukuru, afu ile ya 1,000 anakuachia we ukae nayo. Yani wateja wamekuchambulia belo bure wakabeba krimu yote, na mtaji wenyewe bado elfu thelathini haujarudi. Na hapo hujahesabu nauli yako ya kila siku wala kula.

Nikueleze la kwangu la mwezi uliopita maana lilikuwa blauzi kama lako, kilo 45, nimelichukua 480,000. Kuli na bajaji mpaka nyumbani 15,000, nikaweka 5,000 ya sabuni na uzi, jumla 500,000 kamili. Nasema mpaka nyumbani kwa sababu belo silifungulii sokoni siku hizi. Hapa Karume ukikata kamba tu watu wamekuzunguka, kila mtu mkono umo ndani, wengine ni wale wenye maduka yao wanajua wanachotafuta, unataja bei haraka haraka kabla hujaiona nguo vizuri. Mi nafungulia chumbani kwangu, natandika turubai, nafunga mlango, na daftari pembeni.

Kwanza nahesabu. Zilitoka 240. Afu nachambua mafungu manne, na hapa usiwe na haraka shoga yangu, mi inanichukua karibu siku nzima. Kila blauzi naishika mabegani naiinua dirishani nione mwanga, tundu dogo la mdudu au la sigara halionekani nguo ikiwa imelala ila kwenye mwanga linakuja lenyewe. Afu nageuza kwapa, maana kwapa ndo linaua blauzi, likishakuwa la njano limekakamaa hilo halitoki. Afu kola, zipu napandisha nashusha yote, vifungo nahesabu, na lastiki ya kiunoni naivuta, ikivutika isirudi hiyo imekufa hata kama kitambaa kinang'aa.

Krimu kwangu ni ile ambayo ukimwambia mtu umeinunua dukani ataamini. Kitambaa bado kipya, rangi imekaa, saizi za watu wa huku, na fasheni inayovaliwa saivi. Hilo la fasheni usilipuuze, nguo inaweza kuwa mpya kabisa na lebo yake ya dukani bado inaning'inia lakini mabega yana mito mikubwa ya zamani, hiyo si krimu hata kidogo. Namba wani ni nzima haina kasoro ila ni ya kawaida. Namba tuu imepauka kidogo, au ina vinyweleo, au saizi ya ajabu. Mabaki ni zenye tundu, doa, zipu mbovu.

Ila kabla sijafunga hesabu napitia mabaki na namba tuu mara ya pili, na hapa ndo kuna hela ambayo watu wengi wanaitupa. Kwenye belo lile kulikuwa na blauzi nyeupe laini kama hariri, nilishaitupa kwenye mabaki kwa sababu kola nzima ilikuwa na utepe wa kahawia. Nilipoinusa nikajua ni fandesheni ya usoni, sio uchafu wa kukaa. Nikapaka sabuni ya kipande kavu kavu pale pale kwenye doa, nikasugua kwa kidole, nikasuuza na maji ya uvuguvugu, mara ya pili likaisha kabisa. Kumbuka usipige pasi kabla doa halijatoka, joto linaligandisha na hapo hulitoi tena. Ilikosa pia kifungo kimoja mkononi, nikakata kwenye blauzi ya mabaki yenye vifungo vya kufanana. Ile blauzi nimeiuza 10,000. Ingebaki kwenye fungu la mabaki ingeenda 500.

Basi baada ya kupitia upya nikabaki na krimu 28, namba wani 82, namba tuu 85 na mabaki 45. Na bei nikazipanga hivi. Swali la kwanza sio nguo moja imesimama shilingi ngapi, swali ni je, krimu na namba wani peke yake zinarudisha 500,000? Kama hazirudishi ujue belo ni la hasara mapema, unabana matumizi na hukimbilii kununua lingine. Mabaki na namba tuu usiziweke kabisa kwenye hesabu ya kurudisha mtaji.

Krimu nilianzia 10,000. Hizi sizitandiki chini, napiga pasi, natundika kwenye hanga, napiga picha naweka stetasi ya WhatsApp usiku kabla ya kwenda sokoni. Kuna wadada watatu wanaouza mtandaoni wananichukulia, wanaomba punguzo nawapa 8,000 wakichukua nyingi. Kumi na sita zilienda kwa kumi, kumi na mbili kwa nane, nikashika 256,000. Namba wani nikaanzia 4,000 nikiwa najua wengi watanishusha mpaka 3,000, zikaleta 296,000. Hapo tayari 552,000, mtaji umerudi na nguo nilizouza hazijafika hata nusu ya belo. Ilichukua siku kumi na moja.

Namba tuu nilimwaga chini kwenye turubai, elfu mbili mbili, za mwisho buku. Zikaleta 145,000. Mabaki yanayovalika nikauza mia tano tano, zilizoshindikana kabisa nikampelekea fundi wa gereji anazifutia mikono na oili, jumla ya mabaki yote ni 20,000. Ukijumlisha 717,000. Faida inaonekana 217,000 lakini nilikaa nalo wiki tatu, na kila siku nauli, kula na ushuru kama 4,000, toa 84,000. Kilichobaki mkononi ni 133,000. Nakuandikia mpaka hiyo ya mwisho kwa sababu watu wakikusimulia faida ya belo wanaishia kwenye ile ya kwanza, we unaingia na matumaini makubwa.

Kitu kingine, bei ya kuanzia ukishaitaja kwenye fungu usiishushe pale pale. Ukianzia namba wani 4,000 leo na kesho zile zile ukaanzia 3,000 mahali pale pale, wateja wako wa kila siku wanajifunza kusubiri, na wewe mji wako ni mdogo watajuana haraka. Iliyokaa wiki bila kuguswa ihamishe, itoe kwenye hanga iweke chini na wenzake wa elfu mbili. Fungu linabaki na bei yake, nguo ndo inahama.

Sasa kuhusu kununua belo lingine. Tunalipa hela kabla ya kuona kilichomo, hiyo hatuikwepi, lakini gunia lenyewe linaongea. Mwaka jana mi niliumizwa, nilipewa belo la blauzi kwa bei nafuu kuliko wote, nikaona nimeokota, kufungua karibu nusu ni mafulana yaliyochoka na hakuna krimu hata moja. Lilikuwa limeshafunguliwa likachambuliwa likajazwa upya. Baadae nilipolikumbuka nikaona dalili zote zilikuwepo. Mikanda ilikuwa imelegea, kidole kinapita chini yake, wakati belo linalotoka kwenye mashine limekazwa mpaka gumu kama tofali. Mshono wa gunia ulikuwa na nyuzi za rangi mbili. Na lebo ilikuwa imegundishwa juu ya mabaki ya lebo nyingine. Siku hizi nabonyeza pande zote, upande mmoja ukiwa mlaini naliacha. Nanusa pia, likinuka uvundo ujue liliingia maji, na hapo unalipia kilo za maji na nguo za ukungu.

Na lebo isome yote, aina ya nguo, nchi ilikotoka, kilo, na alama ya kampuni iliyofunga. Ile alama ndo muhimu kuliko nchi. Watu wanasema chukua la Uingereza, chukua la Korea, lakini nchi moja inaleta mizigo ya kila aina, aliyechambua kule ndo anayetofautiana. Mi kabla ya kununua alama nisiyoijua nasimama asubuhi kwa wenzangu wanaofungua, nahesabu kimya kimya krimu ngapi zimetoka. Nikiona mabelo mawili matatu ya alama ile yametoka vizuri ndo nachukua langu.

Hizo 120 zako usizitupe wala usiziuze kwa jumla kwa mtu mmoja kwa hasira. Kaa nazo chini siku moja, angalia kwapa na kola upya, naamini kuna kumi na tano ishirini zinazosafishika zikauzwa hata 3,000. Zinazobaki zipange buku na mia tano, zipeleke gulioni, ziuze mpaka ziishe ili hela irudi kwenye mzunguko.

Usinunue kitu mpaka nije. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nalala kwako, Jumatatu alfajiri tunarudi wote Dar tunapita kwa wauzaji pamoja. Ukipata belo kabla ya hapo na roho ikakuvuta, nipigie picha ya lebo na ya mshono kabla hujatoa hata shilingi.

Wasalimie watoto na mama.

Wako wa Ilala