Mwenda samahani hajikwai

Ndugu Mhariri,

Barua yangu ya mwisho kwa gazeti hili niliiandika mwaka 2009, na tangu hapo nimekuwa msomaji mnyamavu. Lakini ile habari mliyoitoa katika ukurasa wa elimu, ile yenye picha ya kijana anayetabasamu mbele ya kompyuta, imenikosesha usingizi. Mwandishi wenu alizisifu programu za kubinadamisha maandishi kuwa ni mkombozi wa mwanafunzi, kwa maelezo kwamba zinachukua andiko linalonuka mashine na kulirudisha likiwa na harufu ya mtu. Ningependa kujua kama mwandishi huyo alisoma hata ukurasa mmoja wa Kiswahili uliotoka ndani ya programu hizo. Mimi nimesoma kurasa 112, kwa malipo, na bado nadhani nililipwa kidogo.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, na baada ya kustaafu nimekuwa nikihariri tasnifu za wanafunzi wa vyuo. Mwezi Machi alinijia binti mmoja wa shahada ya uzamili, aliyekuwa ameandika juu ya methali alizozikusanya kwa wazee watano wa Pangani. Kazi yake aliiandika mwenyewe, na nina hakika kwa sababu alinionyesha madaftari yake na kunisikilizisha sauti alizorekodi. Kosa lake ni kwamba msimamizi aliipitisha rasimu hiyo katika kitambuzi cha maandishi ya mashine, kikatoa asilimia 38, naye akaambiwa aende akaishushe. Hakuna aliyemweleza kama kitambuzi hicho kiliwahi kufunzwa Kiswahili. Hata kwa Kiingereza vyombo hivi vimekwisha kuumbuka: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Binti akafanya kama wanavyofanya wenzake. Alikwenda steshenari iliyo karibu na chuo, akamwachia kijana wa pale shilingi 15,000, na jioni akarudishiwa tasnifu "iliyosafishwa".

Nilipofungua nilikutana na sentensi hii: "Katika uso ya tatu tumeeleza namna kionjo hii ilivyopatikana." Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Ilinichukua muda kutambua kwamba uso huo ulikuwa "sura", na kionjo hicho kilikuwa "sampuli". Mbele kidogo "tatizo hilo" lilikuwa limegeuka "shida hilo", na "kwa sababu wazee walikuwa wagonjwa" ilikuwa imegeuka "kwa ajili wazee walikuwa wagonjwa". Kitenzi hata kimoja hakikuwa kimeguswa. Jambo hili linaeleza programu ya namna hiyo inavyofanya kazi. Inayo orodha ya maneno na jirani zake, basi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na kwa kuwa orodha inalijua "kumbuka" lakini hailijui "wanapozikumbuka", kitenzi hupita salama. Nomino na viunganishi, ambavyo husimama peke yake, ndivyo vinavyochinjwa.

Hata hivyo Kiswahili kina ushahidi wake ambao mchinjaji huyu hakuuona. Anapoiondoa nomino, huviacha nyuma viambishi vilivyokuwa vikiifuata. Lile "ya" katika "uso ya tatu" ni mjane wa "sura", na "hii" ya "kionjo hii" bado inaomboleza "sampuli". Kwa hiyo nilikuwa nasoma kama mtu anayefuata nyayo: nikiona upatanisho umevunjika, najiuliza ni nomino gani ya ngeli hiyo ingeweza kukaa hapo, na mara nyingi sentensi inajibu yenyewe. Kwa njia hiyo nilizirekebisha sura mbili za kwanza ndani ya siku nne bila kumsumbua binti hata mara moja. Nilianza hata kujisifu, jambo ambalo kwa umri wangu si zuri.

Majivuno hayo yaliishia katika sura ya tatu, penye methali zenyewe, na hapo, Mhariri, naomba univumilie, maana hata sasa nikikumbuka mkono unatetemeka. Programu ilikuwa imebadilisha methali. Maneno ya wazee, yaliyonukuliwa ndani ya alama za mtajo, pamoja na umri wa msemaji na tarehe ya kurekodiwa, yalikuwa yamebadilishwa kama vile ni maelezo ya mwanafunzi. "Mwenda pole hajikwai" ilikuwa imekuwa "Mwenda samahani hajikwai", kwa kuwa katika orodha ya kompyuta pole ni ile ya kumwambia mtu aliyeumia, na huyo kwa kawaida huombwa samahani. Hiyo angalau inachekesha, na kinachochekesha huonekana. "Haba na haba hujaza kibaba" ilikuwa "Kidogo na kidogo hujaza kipimo", na chini yake mzee alikuwa anaendelea kufafanua kwamba vibaba vinne vilifanya pishi moja, isipokuwa sasa alikuwa anafafanua kwamba vipimo vinne vilifanya pishi moja, maelezo ambayo hayamwelezi mtu chochote. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ilikuwa "Asiyesikia la kiongozi huvunjika mguu", na aya iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa hoja nzuri kuliko zote alizoandika binti yule, ilidai bila haya kwamba methali hiyo hukumbukwa kwa urahisi kutokana na kulandana kwa vina vya "kiongozi" na "mguu". Sasa tazama ubaya wake ulipo. Mkuu na kiongozi wote ni wa ngeli moja, na kibaba na kipimo vivyo hivyo, kwa hiyo upatanisho haukuvunjika, na mhariri anayetegemea sarufi hana nyayo za kufuata. Sentensi iliyovunjika nilikuwa naweza kuiponya. Ile iliyonyooka ndiyo iliyokuwa na uongo, na bila sauti zile kwenye simu ya binti mzee wa watu angeingia maktaba ya chuo akiwa amesema asichokisema, mtafiti wa baadaye angemnukuu, na wajukuu wake wangeshangaa babu alijifunza wapi maneno hayo. Tulikaa usiku tano, yeye akifungua sauti, mimi nikiwa na kalamu nyekundu, tukipitia methali 64 moja baada ya nyingine.

Sura ya nne ilikuwa imepitishwa katika programu ya aina nyingine, inayoonekana kuligeuza andiko kuwa Kiingereza na kulirejesha tena Kiswahili. Hapa sarufi ilikuwa safi kabisa, na ndiyo sababu naiogopa zaidi. Mume wa mmoja wa wazee, ambaye katika rasimu ya kwanza "aliaga dunia", sasa "alisema kwaheri kwa ulimwengu". Mzee mwenyewe, mama wa miaka 78, alikuwa amefanywa "mwanamume huyu mzee", kwa kuwa Kiswahili kinaridhika kusema "mzee huyu" ilhali huko njiani ilibidi lichaguliwe neno la mwanamume au la mwanamke, na mashine ikabahatisha. Nilihesabu mara tisa.

Nisidhaniwe kuwa ni mzee wa kijiji anayepiga kelele juu ya jambo dogo. Mwaka 2014 mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Chris Sadler, alieleza namna alivyokuta katika kazi za wanafunzi maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kuachwa nyuma" yakiwa yamegeuzwa kuwa "makalio maovu". Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha kwamba uchafu huo umekwisha kuingia katika majarida ya sayansi, wakayaita maneno ya namna hiyo virai vilivyoteswa. Saratani ya matiti ilikuwa imeandikwa kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "hatari ya kifuani", na akili bandia ikawa "fahamu ghushi". Makala hizo zilikuwa zimepita mikononi mwa watu wanaoitwa wahakiki. Ikiwa Kiingereza, chenye wasomaji wote wale, kilipitishiwa hayo mchana kweupe, sijui nani atakilinda Kiswahili katika tasnifu inayosomwa na watu watatu, mmoja wao akiwa amelala.

Na hapa lazima nijishitaki mwenyewe, pamoja na wenzangu wote walioshika chaki. Mtoto wa Kitanzania anakutana na orodha za visawe tangu shule ya msingi. Upande huu neno, upande wa pili neno, katikati mstari wa kalamu ya risasi, na alama moja kwa kila jibu. Nimesahihisha maelfu ya maswali hayo. Sikumbuki hata mara moja kumwambia mwanafunzi kwamba nyumba na makazi havibadilishani mahali kama viti viwili, kwamba anayejenga hasemi anajenga makazi yake, na kwamba mtu hupiga pasi lakini hagongi pasi, ingawa kupiga na kugonga tuliviunganisha kwa mstari ule ule. Kijana wa steshenari hakuvumbua kitu. Alichonunua ni mashine inayofanya zoezi letu kwa kasi kubwa, na binti alipoona "kionjo" mahali pa "sampuli" alisita kidogo kisha akaiacha, kwa kuwa tulimfundisha kwamba ni kitu kimoja.

Kuhusu msimamizi aliyedai asilimia ishuke, nimeambiwa kwamba baada ya kusafishwa kazi ilipata asilimia 4, naye akaipokea kwa furaha na kuandika "Imeboreka sana" pembeni mwa ukurasa wenye "uso ya tatu".

Kwa kuwa ninyi mlizipigia debe programu hizi, napendekeza gazeti lako ligharamie dawa. Kila mwanafunzi aliyekusanya maneno ya wazee na kuyapitisha steshenari apewe nauli ya kurudi kule alikoyakusanya, akiwa na sura yake ya tatu na ya nne mkononi, awasomee wazee hao kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka ukurasa. Msimamizi aandamane naye, akae mkekani. Pale mzee atakapocheka, mwanafunzi aweke alama ya penseli, na pale mzee atakaponyamaza na kumtazama, aweke mbili. Mama yule wa miaka 78 naomba aketishwe karibu na msimamizi, na msimamizi ndiye amsomee zile sehemu tisa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro