Malalamiko kuhusu zipu mliyoweka kwenye jaketi langu la kazi

Goma, tarehe 14 Novemba

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya kushona na kutengeneza nguo

Kuhusu: Kubadilisha zipu ya jaketi, risiti ya tarehe 20 Oktoba

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni motari, nabeba abiria kati ya Ndosho na mjini tangu alfajiri hadi jioni. Tarehe 20 Oktoba nilileta dukani kwenu jaketi langu la mvua ili mbadilishe fermetire ya mbele. Nililipa dola 12 zote palepale. Leo ni siku ya 25 na jaketi halifungi tena. Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa nimekata meno kwa kuvuta kwa nguvu, mara ya pili nikaambiwa niongeze dola 5 niwekewe ya chuma. Majibu yote mawili nayakataa, na nitaeleza kwa nini, maana kabla ya pikipiki nilijifunza cherehani miaka miwili kwa fundi mmoja wa Birere. Nisingewaletea kazi hii kama mashine yangu ya nyumbani ingeweza kutoboa tabaka tatu za turubai.

Zipu ya zamani ilikuwa ya plastiki, yale meno manene yanayosimama moja moja kwenye kitambaa. Nyuma ya kichwa chake imegongwa namba 8. Namba hiyo inakaribia upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Jino moja lilivunjika karibu na tumbo, na hapo hakuna dawa: kichwa kikifika kwenye pengo, pande mbili zinaachana. Ndiyo maana sikuomba mrekebishe, niliomba mbadilishe. Risiti yenu inasema wazi: «fermetire plastiki, namba 8».

Mliyoweka si hiyo. Ni ya nailoni, ile ambayo meno yake ni uzi mmoja mgumu uliosokotwa kama springi na kushonewa kwenye kitambaa, na nyuma ya kichwa imeandikwa 5. Namshukuru kijana wenu wa mapokezi aliyenirudishia ile ya zamani kwenye mfuko. Nikiziweka sambamba mezani, hata mtoto anaona moja ni nyembamba kuliko nyingine.

Sidharau nailoni. Kwenye suruali, kwenye mfuko wa ndani, kwenye begi lenye kona, hakuna inayoishinda, kwa sababu inapinda bila kulalamika. Tena ikiachana katikati, mara nyingi unarudisha kichwa chini, unapandisha, meno yanashikana upya. Lakini jaketi la motari hapa Goma linakula vumbi la mawe ya volkano kuanzia Januari hadi Desemba, na vumbi hilo ni kama msasa. Kwenye nailoni, chembe zinakaa ndani ya misokoto na kichwa kinazisaga kila kinapopita. Kinacholika kwanza ni kichwa chenyewe. Kuta zake zinatanuka kidogo kidogo, mpaka hakibani tena. Kwenye plastiki meno yameachana, vumbi linaanguka, na lililobaki linaondoka ukimwaga maji.

Ndiyo maana nasema sikukata jino. Ukilifunga jaketi, kichwa kinapanda vizuri hadi juu, kisha meno yanafunguka nyuma yake, kuanzia chini. Nimeyapitia yote kwa ukucha na hakuna lililotoka wala kulegea. Meno mazima yanayofunguka nyuma ya kichwa, kosa ni la kichwa. Nilijaribu kukibana kwa koleo, kila upande kidogo tu, kwa sababu ukizidisha kinakwama au kinapasuka. Kilishika siku mbili. Kumbe kikilegea tena upesi hivyo, kimeshaisha. Na msinishauri nichukue kichwa cha ile zipu ya zamani: kichwa cha plastiki hakiendeshi meno ya nailoni, hata namba zingelingana. Ndani vimechongwa tofauti.

Kosa la pili ni urefu. Uwazi wa mbele, kutoka ukingo wa chini hadi ncha ya kola, ni sentimita 68. Ninyi mmeweka zipu ya 60. Imeishia chini ya koo, na sentimita 8 za juu ziko wazi. Hapo ndipo maji yanapoingilia nikiwa kwenye mwendo, yanateremka kifuani mpaka kwenye mkanda. Fundi wenu aliniambia ya 70 haikupatikana sokoni. Sawa, lakini angenunua ya 75 akaipunguza. Zipu ya jaketi inapunguzwa kwa juu, kamwe si kwa chini, kwa sababu chini kuna pini na kisanduku chake, na bila hivyo jaketi haliwezi kufunguka pande mbili. Unapima 68 kutoka chini, unatia alama ya chaki, unang'oa kwa koleo meno yaliyozidi juu ya alama, unabana kizuizi kipya pande zote mbili ili kichwa kisitoke, kisha unakunja kitambaa kilichobaki ndani ya kola. Ni kazi ya robo saa. Nimeifanya mara nyingi nikiwa mwanafunzi, na kofi la fundi wangu lilinifundisha kupima kabla ya kung'oa.

Kuna pia la tatu, dogo, ila linaniudhi kila nikijitazama: upande wa kushoto umepanda sentimita moja kuliko wa kulia. Fundi alishona upande mmoja, kisha wa pili bila kupatanisha. Angefunga zipu kwanza akatia chaki pande zote mbili kila baada ya sentimita 10, mashine isingemvutia kitambaa.

Sasa hiyo ya chuma mnayotaka niongezee dola 5. Kwenye jinzi au jaketi la ngozi ningekubali leo hii. Kwenye turubai jepesi uzito wake unavuta mbele yote chini, na kingo za meno zinakwaruza bitana. Tena mimi nalowa na kukauka mara tatu kwa siku msimu huu. Zile za bei rahisi, rangi ikishatoka, zinashika kutu na kichwa kinakuwa kigumu. Nitakuwa nimerudi kwenu kabla ya Pasaka.

Ninachoomba ni kile kilichoandikwa kwenye risiti: zipu ya plastiki namba 8, inayofunguka chini, ndefu kuliko uwazi na ipunguzwe kwa juu hadi sentimita 68, ishonwe kwa uzi wa poliesta na pande zilingane, bila malipo mengine. Fundi afumue mshono wa sasa uzi kwa uzi. Asivute, kwa maana turubai limeshatobolewa mara mbili na matundu hayajifungi. Akishona ya tatu, apite kwenye matundu yaleyale kadiri anavyoweza. Kama hamuwezi ndani ya siku saba, nirudishieni dola 12 nikanunue mwenyewe na kuipeleka Birere.

Nitalileta Alhamisi saa moja asubuhi, pamoja na risiti na zipu ya zamani. Mvua ikinyesha siku hiyo nitakuja Ijumaa, kwa sababu sina jaketi lingine la kuvaa.

Mteja wenu,
Motari wa Ndosho