Nimedhulumiwa mimi, halafu niandike kwa adabu?

Shangazi, shikamoo.

Sijalala. Usiku kucha nimeshika simu nasoma jibu lile lile la yule bwana mwenye jengo nilipomdai ujira wangu: "Kibarua ni kibarua tu, nani anakujua?" Angesema subiri, ningesubiri. Angesema hana hela, ningemwelewa, maana hata mimi sina. Lakini nani anakujua! Mtu niliyempandishia zege kwa karai mpaka ghorofa ya pili, bega likachubuka.

Watu wa namna hii unawajua, sina haja ya kukueleza sana. Kazi ikiwa na haraka unaitwa kaka, kesho uwahi. Ikiisha, simu inaita mpaka inakatika.

Basi nilimwandikia, na sioni nani asingeandika. Nilimwita mwizi. Nilimwambia amekula jasho langu la mwezi mzima, na kwamba nitakuja saiti na vijana wenzangu aone. Nilituma usiku, nikatuma tena alfajiri. Yeye ndiye aliyenifikisha huko, mimi si mtu wa matusi, waulize wanaonijua.

Sasa binti yangu, ambaye ni karani, amezisoma zote, akaniuliza maswali kama polisi. Mlikubaliana malipo kwa siku au kwa kazi nzima? Nani alikuwepo? Ulianza lini, ukamaliza lini? Tukahesabu pamoja: kuanzia Jumatatu tarehe 4 hadi Jumamosi tarehe 16, toa Jumapili moja, ni siku 12. Jumamosi ya kwanza alinitumia kwa simu hela ya siku 2. Zinabaki 10. "Baba, mwezi mzima umetoka wapi?" Nikamwambia mwezi ndivyo ulivyoniuma. Akanionyesha kwamba yule bwana naye amelishika neno hilo hilo: "Mwezi gani, mwongo wewe." Deni lenyewe halijibu, anajibu mwezi.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuliwazia. Ile hela ya siku 2 niliyokuwa nikiitukana kuwa ni ya kunifunga mdomo, ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Ujumbe wa malipo una jina lake, tarehe na kiasi. Mtu asiyekujua hakutumii hela Jumamosi jioni. Na ukigawa kile kiasi kwa 2 unapata kiwango cha siku tulichokubaliana kwa mdomo, kwa hiyo hawezi kuja kusema tulipatana nusu yake. Picha ya ukurasa wa daftari la fomani lenye jina langu pia ninayo.

Barua aliyoniandikia ndiyo hii, nimeipunguza kidogo:

"Ndugu,
YAH: MADAI YA UJIRA WA SIKU 10
Nilifanya kazi ya kubeba zege na kusaidia mafundi katika jengo lako kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 16 mwezi uliopita, jumla ya siku 12, kwa malipo ya siku tuliyokubaliana mbele ya fomani. Tarehe 9 ulinilipa siku 2. Siku 10 hazijalipwa hadi leo, na jumla yake imeandikwa hapa chini. Naambatisha nakala ya ukurasa wa daftari la mahudhurio na ujumbe wa malipo ya tarehe 9. Naomba unilipe kiasi hicho chote ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii, kwa namba ile ile uliyotumia awali. Usipofanya hivyo, nitayapeleka madai haya ofisi ya kazi bila kukuarifu tena. Barua hii inachukua nafasi ya ujumbe wote niliokutumia kwa simu kuhusu malipo haya."

Shangazi, niliisoma nikahisi imeandikwa na mtu aliyelipwa. Ndugu! Ndugu yangu tangu lini? Na lile la nani anakujua limo wapi? Hakuna. Nilimwambia aliweke hata mstari mmoja, akakataa. Anasema barua haiandikwi kwa ajili ya huyo bwana peke yake. Iko siku itasomwa na afisa kazi asiyemjua yeye wala mimi, na afisa huyo anatafuta siku ngapi, kiasi gani, kimelipwa nini na kimebaki nini. Akikuta "nitakuja na vijana", ataacha kuhesabu siku aanze kujiuliza nani hapa ni mkosaji. Ule mstari wa mwisho nao ndio hataki kuutoa kabisa, eti bila huo yule bwana atachapisha ujumbe wangu wa usiku aje nao mbele ya afisa aseme ametishiwa.

Hata saa za usiku ule wa kumwaga zege amezitoa. Nilimwambia tulimaliza watu wamelala! Anasema hatukupatana bei ya saa za ziada na daftari haliziandiki, na nikichanganya deni lenye ushahidi na lisilo nao, yule bwana atalikanusha lisilo nao ili akwepe lenye ushahidi. Hizo tutamwuliza afisa. Naona kama nazitupa.

Kuhusu "huna mkataba" nimetulia kidogo, maana hilo nalo yule bwana alilitamka. Binti amenisomea Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kwamba ujira ni ujira hata kama makubaliano ya kazi hayakuandikwa. Hakuuweka kwenye barua, anasema barua ya kibarua ikijaa vifungu huonekana imeandikwa na mtu mwingine. Sawa. Lakini mimi ningependa auone.

Nitakwambia ukweli, hela si shida. Ninachotaka ni yule mtu aniambie uso kwa uso kwamba ananijua. Ingawa kodi ya nyumba imefika, na hata akiniomba radhi leo bila hela nitaondoka nimekasirika zaidi. Binti anasema hakuna afisa atakayemlazimisha mtu kuomba radhi, lakini siku 10 zinalazimishika. Mtoto niliyemlea mwenyewe.

Jambo lingine dogo. Siku ya mwisho niliondoka na drili yake. Sikuiba, kila mtu aliniona nikitoka nayo getini, na nimeifunga vizuri kwenye nailoni. Ni dhamana. Angelipa, ningeirudisha siku hiyo hiyo. Binti alipoiona chini ya kitanda alikaa kimya, kisha akasema barua haiendi popote mpaka drili irudi kwa fomani, na fomani asaini kuwa ameipokea nzima. Anasema yule bwana akienda polisi kwanza, mimi nitakuwa mtuhumiwa, na deni langu litasubiri kesi yake. Mimi naona nikiirudisha nitabaki na karatasi tu mkononi, na karatasi anaweza kuichana. Yeye anajibu ndiyo maana tunatoa nakala mbili, moja asaini kupokea, akikataa tunaipiga picha barua na kumtumia kwenye simu ile ile anayonisoma.

Nimekubali yote mengine, hata ndugu. Ila hii drili, Shangazi, nirudishe kabla hajatoa hata senti moja? Nijibu upesi, barua imeshachapwa na binti anataka twende Jumatatu asubuhi.

Ni mimi, niliyeambiwa hajulikani.