Kwa vijana mnaohubiri Yeremia 29

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mlioanza kupewa mimbari: mlioko vyuo vya Biblia, mnaoongoza vijana, mnaosimamishwa kwenye mikesha ya mwaka mpya. Mmeniuliza mtu anatokaje kwenye andiko la kale hadi kwa msikilizaji wa leo bila kulilazimisha andiko. Nitawajibu kwa andiko moja tu, lile lililo kwenye kalenda na kadi za mahafali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Yeremia 29:11.

Kwanza mjue kwamba mstari huo umo ndani ya barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza aliuzingira Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Yerusalemu haukuwa umebomolewa bado. Hekalu lilikuwa limesimama, na Sedekia alikuwa amewekwa kwenye kiti cha enzi. Yeremia alibaki huko. Akaandika barua kwa wazee, makuhani, manabii na watu wote waliohamishwa, akawapa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waliokuwa wakitumwa na Sedekia kwenda Babeli. Basi maneno haya yaliandikiwa jamii nzima iliyong'olewa, wala si mtu mmoja mwenye shida zake. Na wang'olewaji hao waliambiwa wazi na Mungu kwamba ni yeye aliyewahamisha.

Sasa sikilizeni barua inasema nini kabla ya kufika mstari wa 11. Jengeni nyumba, mkae ndani yake. Pandeni bustani. Oeni, waozeni wana na binti zenu, wazae. Utakieni amani mji ule na kuuombea, kwa kuwa amani yake ndiyo amani yenu. Msiwasikilize manabii na waaguzi walio kati yenu. Kisha mstari wa 10: Babeli utakapotimiziwa miaka 70, ndipo nitakapowajilia na kuwarudisha. Mstari wa 11 unaanza na "maana". Unaeleza sababu ya ule wa 10. Mawazo ya amani yanayosemwa pale ni mpango wenye miaka 70 ndani yake.

Pigeni hesabu. Mtu aliyechukuliwa mwaka 597 akiwa na umri wa miaka 30, Koreshi alipowaruhusu watu kurudi mwaka 538, kama alikuwa hai alikuwa anakaribia miaka 90. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Waliambiwa kwamba Mungu anawawazia mema, na katika kikao hicho hicho wakaelewa kwamba wao wenyewe hawatarudi nyumbani.

Kwamba walielewa hivyo, hatuhitaji kubahatisha. Sura hiyo hiyo imehifadhi jibu la msikilizaji mmoja. Shemaya Mnehelami, akiwa Babeli, alipandwa na hasira, akamwandikia kuhani Sefania kule Yerusalemu akitaka kujua kwa nini Yeremia hajakemewa na kufungwa, maana ametuletea habari kwamba uhamisho huu utakuwa wa siku nyingi, jengeni nyumba, pandeni bustani. Ndivyo barua yenye mstari wa 11 ilivyopokelewa na mtu aliyeandikiwa. Sisi tunaubandika ukutani kama habari tamu ya kesho. Yeye aliusikia pamoja na mistari inayoutangulia, akataka mwandishi atiwe mkatale. Kila mnapoandaa mahubiri ya mstari huu, mkumbukeni Shemaya. Ikiwa mahubiri yenu hayana chochote ambacho kingemuudhi, kuna kitu mmekiacha njiani.

Halafu yuko Hanania, wa sura ya 28. Huyu alisimama hekaluni, katika siku za Sedekia, akatangaza kwa jina la BWANA kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na Yekonia na mateka wote watarudi. Akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Fikirini furaha ya watu siku ile. Hanania hakuhubiri miungu mingine. Alihubiri Mungu wa Israeli, ahadi, kurejeshwa, na muda mfupi. Kosa lake lilikuwa kwamba BWANA hakumtuma. Alikufa mwaka ule ule, na mwaka 586 Yerusalemu wenyewe ukaanguka.

Hapa ndipo penye uchungu wangu, na nasema bila kuzunguka. Mhubiri anayesimama usiku wa Desemba 31 akasoma Yeremia 29:11, kisha akawatangazia watu kwamba mwaka huu ni mwaka wako, kazi inakuja, ndoa inakuja, visa inakuja, ameshika mstari wa Yeremia lakini ujumbe ni wa Hanania. Maneno ya nabii wa kweli yametumika kubeba ahadi ile ile ambayo barua iliandikwa kuikanusha. Kulilazimisha andiko hakuhitaji kubadili hata neno moja. Inatosha kulikata mahali pabaya.

Mtaniuliza: basi mstari huu hautuhusu? Unatuhusu. Ila tuvuke pale ambapo Maandiko yenyewe yamevukia.

Tazameni Danieli 9. Danieli alikuwa msomaji wa Yeremia. Anasema alisoma vitabuni habari za ile miaka 70, akauona muda unakaribia kutimia. Alifanya nini? Alifunga, akavaa magunia, akaungama dhambi za watu wake, akaomba. Na barua ilikuwa imesema hivyo hivyo mara tu baada ya mstari wa 11: mtaniita, mtaniomba, mtanitafuta kwa moyo wenu wote. Ahadi ilimpeleka magotini pamoja na taifa lake, hakuichukua kama ratiba ya mambo yake binafsi.

Kisha nendeni waraka wa kwanza wa Petro. Petro hanukuu barua ya Yeremia, lakini anasimama pale pale ilipoishia. Anawaandikia wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na mwishoni anawasalimu kutoka Babeli. Anawaambia waishi kama wapitaji na wasafiri, watende mema kati ya mataifa, wamheshimu mfalme. Tumaini lao analiweka kwenye urithi usioharibika, uliotunzwa mbinguni. Ona alichobeba na alichokiacha. Amebeba Mungu anayewakumbuka watu wake walio mbali na kwao, na wajibu wa kutenda mema mahali ulipo huku ukingoja. Hakubeba hesabu ya miaka 70, wala safari ya kurudi Yerusalemu. Hayo yalikuwa ya watu wale, na yalitimia kwao, kama Ezra 1:1 inavyosema. Kwa hiyo anayechukua 70 akaijumlisha na mwaka wa uhuru wa nchi yake ili atabiri jambo, anachukua kile ambacho hata mtume hakukichukua.

Sasa tuifanyie kazi kwa msikilizaji mmoja. Kijana amemaliza chuo, anatafuta ajira, anaishi kwa ndugu mjini na anakuja ibadani akitaka neno. Mwambieni Mungu hajamsahau, kwa maana Mungu wa barua ile hakuwasahau watu waliodhani wametupwa. Mwambieni asisimamishe maisha akingoja siku ya mabadiliko: afanye kazi iliyopo, aoe akiwa tayari, awe na faida kwa mtaa anaoishi ingawa anauona ni wa kupita. Wayuda walitii hivyo. Kuna vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vinavyotaja mafuta aliyogawiwa Yekonia na wanawe, na vingine, vya kuanzia mwaka 572, vinavyowaonyesha Wayuda wa kawaida wakilima, wakikopeshana, wakilipa kodi katika kijiji kilichoitwa kwa jina la Yuda. Na mwambieni kwamba tumaini la mwisho ni Kristo na ufufuo. Msimwambie atapata kazi kabla ya Juni. Mungu aweza kumpa, nanyi mwombeeni kwa bidii, ila mstari huu haukumwahidi.

Na pale ambapo hali zinafanana sana, ndipo mchunge zaidi. Baadhi yenu mnakwenda kuhubiri kambini Nyarugusu, kule Kigoma, kwa ndugu waliokimbia Kongo na Burundi, na Kiswahili chenu kinaeleweka kwao. Kule Yeremia 29 inaonekana imeandikwa kwa ajili yao: watu waliohamishwa, nchi ya ugeni, hamu ya kurudi. Hapo hapo kuna vitanzi vitatu. Barua inasema Mungu ndiye aliyewahamisha Wayuda kwa sababu ya dhambi zao. Ninyi hamna neno lolote la kumwambia mama aliyekimbia risasi kwamba ukimbizi wake ni adhabu. Barua inasema jengeni na pandeni; mkimbizi kambini hana ruhusa ya kujenga na kulima apendavyo, na kumsomea amri hiyo bila kulitaja hilo ni kumtwisha mzigo ambao si wake. Barua inasema mtarudi. Wayuda walipewa neno hilo na muda wake, watu wa Kambi hawajapewa, nanyi msiwape.

Mnachoweza kusema pale ni kingi hata hivyo. Semeni kwamba Mungu wa Israeli aliwasikia watu wake wakiomba kutoka nchi ambayo haikuwa na hekalu, tena nje kabisa ya mipaka ya nchi ya ahadi. Semeni kwamba watoto waliozaliwa ugenini walihesabiwa ni watu wake sawasawa na waliozaliwa Yerusalemu, hata akaagiza wazaliwe wengi. Someni mistari ya 1 hadi 14 yote kwa sauti, polepole, kabla ya kueleza chochote. Kisha waacheni wazee wa pale waseme wamesikia nini, kwa sababu wanaijua hali ya kungoja kuliko ninyi.

Mzee wenu katika Kristo.