Karatasi ya Mama

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi, na pole kwa kuuguza. Picha ya karatasi ya Mama ya kuruhusiwa kutoka hospitali nimeipata. Nakujibu upesi kwa sababu ya ile "2/52" ambayo shangazi anashikilia kuwa ni nambari ya faili. Siyo. Ni wiki mbili, maana mwaka una wiki 52. Kama chini ya mkwaju ingekuwa 7, zingekuwa siku; ingekuwa 12, miezi. Basi "TCA MOPC 2/52, UECs" ni kwamba Mama arudi kliniki ya magonjwa ya ndani baada ya wiki mbili, na vipimo vya figo na madini ya damu. Katoka tarehe 3, kwa hiyo ni tarehe 17. Damu itolewe siku moja au mbili kabla, daktari ayakute majibu. Na hiyo "5/7" mbele ya Amoxiclav si Julai! Ni siku tano, lakini waulize wodini zinahesabiwa tangu lini.

Dawa za moyo sasa. Furosemide 40mg BD ni mara mbili kwa siku: asubuhi, na saa nane mchana. Akiimeza usiku atakesha chooni. Spironolactone 25mg OD, mara moja, asubuhi. Enalapril 5mg BD, asubuhi na jioni. Ya nne ni Carvedilol, ila mkunjo wa karatasi umepita juu ya kipimo: ni 6.25 au 3.125? Moja ni maradufu ya nyingine, kwa hiyo tusibahatishe. Soma pakiti, kisha ilaze karatasi dirishani uipige tena bila flashi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lisiloandikwa: Losartan yake ya zamani. Kazi yake inafanana na ya Enalapril. Zikimezwa pamoja, presha inaweza kushuka mno, figo zikaumia na potasiamu ikapanda, hasa akiwa na Spironolactone. Pigeni simu wodini kabla hajaimeza tena. Diclofenac ya magoti nayo iwekwe kando, inafanya maji yabaki mwilini.

Apimwe uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, au miguu ikavimba, au akaanza kutaka mito zaidi ili alale, mpigieni daktari siku hiyo hiyo. Akiharisha au kutapika pia, kwa sababu dawa hizi na upungufu wa maji havipatani. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, akizimia, au midomo na ulimi vikivimba, msisubiri simu ya mtu: hospitali. Kikohozi kikavu tu, kitajwe kliniki.

Haya, nijibu: pakiti ya Carvedilol inasemaje? Losartan ameimeza tangu atoke? Mizani mnayo, au ni ile ya kaka yako inayodanganya? Na nani analala naye usiku?

Wako,
Mwanaisha