Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Leseni za Udereva: sura ya mahandaki haijakamilika

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MAREKEBISHO YA MAELEKEZO YA KUENDESHA GARI NDANI YA MAHANDAKI

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa udereva ninayetumia mwongozo wa ofisi yako kila siku ya kazi. Sehemu ya mahandaki inamwagiza dereva awashe taa, asilipite gari jingine, na aache nafasi ya kutosha mbele yake. Maagizo hayo ni sahihi, ingawa yametolewa bila sababu zake. Lakini yanapofika kwenye moto, mwongozo unamwambia dereva atulie ndani ya gari na kusubiri maelekezo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie hadharani, kwa kuwa naamini inaweza kumuua dereva anayeitii.

Naomba tuangalie tukio la handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na siagi ya mimea, shehena ambayo haikuhesabiwa kuwa ya hatari, liliingia kutoka upande wa Ufaransa. Madereva waliokuwa wakija kutoka upande wa pili walimmulikia dereva wake taa kwa sababu lori lilikuwa likitoa moshi. Aliposimama alikuwa karibu na katikati ya handaki, moto ukalipuka, naye akakimbia kwa miguu kuelekea Italia na akaokoka. Magari yaliyokuwa nyuma yake yalisimama kwa kufuatana, na moshi ukasukumwa upande huo huo. Watu 39 walikufa, wengi wao wakiwa ndani ya magari yao au karibu nayo, na moto uliendelea kuwaka kwa takribani saa 53.

Mheshimiwa, kinachoua kwanza katika moto wa namna hii ni moshi. Moshi wa moto hupanda hadi kwenye dari na kusafiri chini yake, na kwa dakika chache za mwanzo hewa iliyo kwenye kimo cha mtu huweza kubaki safi. Kadiri unavyosonga mbali na moto ndivyo unavyopoa, nao ukishapoa hushuka na kuijaza barabara kutoka juu hadi chini. Mtu aliyekaa garini akiona hewa bado ni safi hudhani ana muda, kumbe anautumia muda wenyewe. Kufunga vioo hakumsaidii kwa muda mrefu, kwa sababu gesi ya sumu ya kaboni monoksidi hupenya ndani ya gari, haina harufu, na humlegeza mtu kabla hajatambua kwamba amezidiwa.

Tuchukue mfano. Katika handaki ambalo milango ya dharura imeachana kwa mita 500, dereva aliyesimama katikati ya milango miwili ana mita 250 za kutembea. Kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde atafika kwa dakika tatu na nusu. Moshi ukishamfunika atatembea kwa kupapasa ukuta, pengine nusu mita kwa sekunde, na safari hiyo hiyo itamchukua zaidi ya dakika nane huku akivuta sumu. Tofauti ya kuondoka mapema na kuondoka kwa kuchelewa iko hapo, na abiria aliyebeba mtoto au anayetembea kwa shida huihitaji zaidi kuliko mwingine yeyote.

Kwa hiyo mwongozo useme waziwazi kwamba dereva anayeuona moshi au moto mbele yake asimamishe gari ukingoni, awashe taa za tahadhari, azime injini, na auache ufunguo ndani ya gari ili wazimamoto waweze kuliondoa. Gari la kisasa lisilohitaji ufunguo kuchomekwa nalo lina kitufe chake cha mfukoni, ambacho watu wengi huondoka nacho bila kujua. Kisha yeye na abiria wake wote waelekee kwenye mlango wa dharura ulio karibu bila kulipita eneo la moto, wakifuata vibao vya kijani vya ukutani, ambavyo kwa kawaida huonyesha umbali hadi mlangoni kwa pande zote mbili. Matangazo ya redio na vipaza sauti yafuatwe yakitolewa, lakini kuondoka kusicheleweshwe kwa kuyangoja. Asirudi kuchukua mzigo, wala asijaribu kugeuza gari au kurudi kinyumenyume, kwa kuwa gari lililokwama mkingamo huzuia njia ya waokoaji na katika moshi huweza kugonga watu wanaotembea. Ikiwa moto uko nyuma yake na mbele ni kweupe, aendelee kuendesha hadi nje.

Gari linalowaka likiwa ni lake mwenyewe na bado linakwenda, jambo la kwanza ni kujaribu kulitoa nje, au walau kulifikisha kwenye maegesho ya dharura. Akishindwa, atumie simu ya dharura ya ukutani badala ya simu yake ya mkononi, kwa sababu ile ya ukutani humwonyesha mwangalizi mahali hasa ilipopigiwa. Mtungi wa kuzimia moto hufaa tu wakati moto bado ni mdogo. Ukishashika shehena, auache na aondoke. Gari lililoharibika bila moto hufuata utaratibu huo wa taa za tahadhari, ukingo na simu, na abiria wasisimame kati ya magari.

Kuhusu umbali, tunafundisha nafasi ya kuachwa wakati wa kwenda na kusahau ile ya kusimama. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata takribani mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde mbili ni mita 44 tu. Mont Blanc lilipofunguliwa tena mwaka 2002 lilikuja na sharti la mita 150 kati ya magari yanayokwenda na mita 100 kati ya yaliyosimama. Hilo la pili ndilo lisilozoeleka, nalo lina maana kubwa, kwa sababu magari yaliyobanana hurithishana moto moja baada ya jingine.

Kuhusu taa, mwongozo utaje taa za mbele za mwanga wa chini kwa jina. Magari mengi huwasha taa za mchana zenyewe, dereva akaridhika, ilhali taa zake za nyuma zimezimika na anayemfuata hamwoni. Kupita gari jingine katika handaki la njia mbili zinazopishana hakuna haja ya kujadiliwa: hakuna bega la barabara la kukimbilia.

Ninaiomba ofisi yako ifute sentensi ya kusubiri ndani ya gari, iandike mahali pake hatua nilizozieleza, na iongeze katika mtihani wa leseni swali moja litakalomtaka mtahiniwa aeleze atakachofanya akiona moshi mita 200 mbele yake ndani ya handaki. Mtahiniwa atakayejibu kwamba ataendelea kukaa garini ahesabiwe kuwa amekosea.

Wako katika utumishi wa umma,
Mwalimu wa udereva